Mstari Unaoipima Betri

Betri ya tochi iliyochoka huwachanganya watu. Ikiguswa na nyaya za mita, mita husoma volti 1.4, karibu sawa na betri iliyotoka dukani. Ikirudishwa kwenye tochi, balbu hutoa mwanga mwekundu kama kaa linalozimika. Mita haikudanganya, na balbu ni nzima. Mita ilipima seli ikiwa imepumzika, kwa kuwa yenyewe huvuta umeme kidogo mno. Balbu iliidai seli ifanye kazi, na hapo udhaifu wake ukajitokeza.

Kila seli ina namba mbili zinazoieleza. Ya kwanza ni kani yake ya kusukuma umeme, ambayo huandikwa kwa herufi E. Ya pili ni ukinzani wake wa ndani, ambao huandikwa kwa herufi r. Volteji inayoonekana kwenye ncha za seli inapofanya kazi, yaani V, hutokana na hizo mbili pamoja na mkondo unaopita, I. Namba zote mbili hupatikana kwa jaribio moja la nusu saa na mstari mmoja uliopigwa kwa rula juu ya karatasi ya grafu.

Neno "seli" hapa lina maana ya kipande kimoja, kama lile jiwe moja la tochi. Betri, kwa lugha ya fizikia, ni seli kadhaa zilizounganishwa, ingawa mtaani na dukani kila kitu huitwa betri na hakuna anayekosea njia kwa hilo. Neno "kani" nalo lisimpotoshe msomaji. Ni jina lililobaki tangu enzi ambazo watu walidhani kuna kitu kinachosukuma umeme kama mtu anavyosukuma mkokoteni. E hupimwa kwa volti, wala si kwa nyutoni kama kani nyingine. Volti 1.5 maana yake ni kwamba kila kulombu moja ya chaji inayopita ndani ya seli hupewa jouli 1.5 za nishati kutokana na kemikali zilizomo.

Nishati hiyo haifiki nje yote. Anayeipasua seli kuukuu ya tochi hukuta kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na baina yao unga mweusi wenye unyevu unaochafua vidole: manganizi dayoksaidi iliyochanganywa na unga wa kaboni na kulowanishwa kwa chumvi ya amonia au ya zinki. Katika waya wa shaba chaji hupita kwa urahisi. Ndani ya uji ule mzito ayoni hujikokota, na njia ikiwa ngumu, sehemu ya nishati hugeuka joto humo humo. Ndiyo maana seli iliyotumika kwa nguvu huwa na uvuguvugu mkononi. Ugumu huo wa njia ndio ukinzani wa ndani. Mkondo wa ampea I ukipita kwenye ukinzani r, volti zinazopotea ni I mara r, na kinachobaki kwenye ncha ni:

V = E − Ir

Maelezo yote yanayofuata yamo katika mlinganyo huu. Mkondo ukiwa sifuri, hakuna kinachopotea, na V ni sawa na E. Mkondo ukiongezeka, V hushuka, na hushuka kwa kiwango kilekile kwa kila ampea inayoongezwa. Kitu kinachoshuka kwa kiwango kisichobadilika huchorwa kwa mstari ulionyooka.

Wazo hili ni la zamani. Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, alilikuta mwaka 1826 alipokuwa akipima jinsi urefu wa waya unavyopunguza mkondo. Seli za kemikali za wakati ule zilimsumbua, kwa sababu nguvu yake ilikuwa ikibadilika wakati jaribio linaendelea. Johann Poggendorff alimshauri atumie kiungo cha shaba na bismuthi, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, na chanzo hicho kikatulia. Katika hesabu yake Ohm aligundua kwamba haitoshi kuhesabu waya unaojaribiwa peke yake. Lazima kiongezwe kiasi kingine kisichobadilika, kinachowakilisha sehemu iliyobaki ya mzunguko, chanzo chenyewe kikiwemo. Kwa hiyo ukinzani wa ndani ulizaliwa siku moja na kanuni ya Ohm. Na usumbufu aliokutana nao, wa seli isiyotulia, bado ndio adui mkubwa wa jaribio hili.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini ukinzani wa ndani usipimwe moja kwa moja kwa kuweka multimita kwenye upande wa omu na kuigusisha na seli. Haiwezekani. Upande wa omu hufanya kazi kwa kupeleka mkondo mdogo wa mita yenyewe katika kitu kinachopimwa. Seli inapeleka wa kwake, mikondo miwili inakutana, na namba inayotokea haina maana yoyote; mita dhaifu huweza hata kuharibika. Kitu chenye umeme wake hakipimwi omu kwa njia hiyo. Hupimwa kwa kukifanyisha kazi na kutazama kinavyochoka.

Mfano unaofaa ni seli moja kubwa ya tochi ya aina ya zinki na kaboni, ile yenye alama D. Pamoja nayo huhitajika ammita inayosoma hadi ampea 1, voltimita inayosoma hadi volti 2 au 3, reostati ya omu 15 hivi, rezista ndogo isiyobadilika ya omu 1, swichi na nyaya. Seli, swichi, ammita, rezista na reostati hufuatana kwenye njia moja ya mduara. Rezista ile ndogo ni mlinzi tu. Mkono ukiteleza na reostati ikafika sifuri, rezista huzuia seli isiunguze nguvu yake yote kwa mkupuo.

Voltimita hukaa pembeni, ikigusa ncha mbili za seli. Hapa ndipo wengi huharibu jaribio bila kujua. Waya wa voltimita ukifungwa upande wa pili wa ammita, au kwenye ncha za reostati, volteji inayosomwa imeshapungua kwa sababu ya ammita na nyaya. Mstari utanyooka vizuri, E itakuja sawa, lakini mteremko utabeba ukinzani wa ndani pamoja na wa ammita. Multimita nyingi za bei nafuu, kwenye upande wa miliampea 200, zina ukinzani wa karibu omu 1. Kwa seli yenye omu 0.65, jibu litakuwa zaidi ya mara mbili ya ukweli, na hakuna chochote kwenye grafu kitakachomwonya mpimaji.

Kuna mtego mwingine mdogo hapo hapo. Kikasha cha plastiki kinachoshika seli kina springi upande mmoja na kibati upande mwingine, na vyote hupata kutu. Klipu za voltimita zikibanwa kwenye masikio ya kikasha, kutu hiyo huhesabiwa kama sehemu ya seli. Zinatakiwa ziguse chuma cha seli chenyewe, kifuniko cha juu na kitako cha chini. Anayetaka kujua kutu ya kikasha chake ina uzito gani apime mara mbili, kwanza kwenye masikio na kisha kwenye seli yenyewe, mkondo ukiwa uleule. Tofauti ya volti ikigawanywa kwa mkondo huo humpa jibu kwa omu.

Upimaji huanza na reostati ikiwa imejaa, ili mkondo uwe mdogo. Swichi hufungwa, ammita na voltimita husomwa kwa pamoja ndani ya sekunde mbili tatu, kisha swichi hufunguliwa. Seli hupumzishwa nusu dakika, reostati hupunguzwa kidogo, na kazi hurudiwa. Pupa haifai hapa, lakini uvivu wa kuiacha swichi ikiwa imefungwa ni mbaya zaidi. Kwa seli ya mfano huu, masomo yawe haya:

| I (ampea) | V (volti) |
|---|---|
| 0.10 | 1.46 |
| 0.20 | 1.39 |
| 0.30 | 1.32 |
| 0.40 | 1.26 |
| 0.50 | 1.20 |
| 0.60 | 1.13 |

Baada ya somo la mwisho, reostati hurudishwa mahali pa kwanza na ampea 0.10 hupimwa upya. Kama voltimita inarudi kwenye 1.46 au karibu kabisa na hapo, seli haikubadilika wakati wa jaribio na masomo yote sita yanahusu kitu kimoja. Kama inasoma 1.42, seli iliyopimwa mwisho si ile iliyoanza. Somo hili la saba halichukui hata dakika moja, nalo ni la thamani kuliko mawili yoyote ya katikati. Inashangaza jinsi linavyoachwa.

Kwenye karatasi ya grafu, mkondo huwekwa kwenye mhimili mlalo, kuanzia sifuri hadi ampea 0.7. Volteji huwekwa kwenye mhimili wima. Kama mhimili huo utaanza kwenye sifuri, nukta zote zitabanana juu ya karatasi, zikishuka kwa theluthi moja ya volti tu, na mteremko hautasomeka vizuri. Ni afadhali uanze kwenye volti 1.0 na kuishia 1.6, ili nukta zijaze karatasi. Hilo halina ubaya wowote alimradi likumbukwe baadaye.

Nukta huwekwa kwa misalaba midogo ya penseli iliyochongwa. Kisha rula angavu, ile inayoruhusu kuona kilicho chini yake, husogezwa mpaka misalaba igawanyike sawasawa juu na chini ya ukingo wake. Mstari hauna wajibu wa kupita kwenye nukta ya kwanza wala ya mwisho. Kwa masomo haya, nukta ya ampea 0.10 na ya 0.50 hukaa juu ya mstari kwa chini ya nusu ya mraba mdogo, na ya 0.30 hukaa chini yake kwa kiasi hicho. Mstari mzuri ni ule unaoziacha zote zikiwa karibu bila kuipendelea yoyote. Wanafunzi waliozoea grafu za kanuni ya Ohm hupata kishawishi cha kuulazimisha mstari ufike kwenye kona ya chini kushoto. Mstari huu hauelekei huko kamwe. Huanzia juu kushoto na kushuka kulia.

Kani ya seli husomwa pale mstari unapokata mhimili wima. Mstari huongezwa kwa nukta nukta kurudi nyuma hadi mkondo sifuri, na hapo huukata mhimili kwenye volti 1.52. Hiyo ndiyo E. Kuurefusha mstari namna hiyo ni salama, kwa kuwa kutoka ampea 0.10 hadi sifuri ni hatua fupi. Ila mhimili mlalo lazima uwe umeanza kwenye sifuri. Aliyeuanzisha kwenye ampea 0.1 ili aokoe nafasi, kisha akasoma mahali mstari ulipokata ukingo wa kushoto, atakuwa amesoma volteji ya ampea 0.1 na kuiita kani.

Ukinzani wa ndani ni mteremko. Huchaguliwa sehemu mbili juu ya mstari zilizo mbali sana, wala si nukta za masomo. Kwa ampea 0.05 mstari uko kwenye volti 1.49, kwa ampea 0.65 uko kwenye volti 1.10. Volteji imeshuka kwa 0.39, mkondo umeongezeka kwa 0.60:

r = 0.39 ÷ 0.60 = 0.65 Ω

Alama ya kutoa inayotokea kwa sababu mstari unashuka imekwisha kuhesabiwa katika mlinganyo V = E − Ir, kwa hiyo r huandikwa bila hiyo. Ukinzani wa omu kasoro sifuri hakuna seli iliyonao.

Mstari huohuo ukiendelezwa chini kulia hadi volteji sifuri, ungekutana na mhimili mlalo kwenye E gawanya kwa r, yaani ampea 2.3 hivi. Huo ndio mkondo ambao seli ingetoa kama ncha zake zingeunganishwa kwa waya mnene mtupu. Hapa ndipo mhimili wima ulioanzia volti 1.0 hulipiza kisasi. Mstari unaukata ukingo wa chini wa karatasi kwenye ampea 0.8, na wapo wanaosoma namba hiyo kwa furaha kama mkondo mkubwa kuliko wote, huku wakiwa wanasoma mkondo wa volti 1.0. Hata jibu la ampea 2.3 lenyewe ni la kukisia, kwa sababu linatoka mbali sana na masomo, na seli halisi iliyounganishwa namna hiyo hupata moto na kubadilika kabla mita haijatulia.

Kwa hesabu tupu, masomo mawili yangetosha kutafuta namba mbili. Faida ya grafu huonekana pale kitu kinapokwenda kombo. Tuseme sindano ya voltimita ilikuwa imekaa kwenye 0.05 kabla haijaunganishwa, na hakuna aliyegundua. Kila somo la V litazidi kwa 0.05. Mstari wote utapanda juu bila kubadili mwinamo wake: E itasomeka 1.57, ambayo ni makosa, lakini r itabaki 0.65 ileile. Mteremko hujali tofauti tu, na kosa linaloongezwa sawasawa kila mahali hufutika katika tofauti. Mtu anayegawanya na kutoa kwa somo mojamoja, akitumia E aliyoisoma dukani kwenye lebo, hana kinga hiyo. Kwa upande mwingine, ammita inayosoma pungufu kwa asilimia kumi katika kila kipimo itaharibu mteremko kwa karibu kiasi hicho, na grafu haitasema neno. Ndiyo sababu ammita inastahili kulinganishwa na nyingine kabla ya kuaminiwa.

Grafu pia humwonyesha mpimaji kiasi cha shaka iliyomo. Baada ya mstari mzuri, rula huinamishwa mpaka ipatikane mistari miwili ya mwisho inayoweza kutetewa, mmoja mkali zaidi na mwingine mlegevu zaidi, yote bado ikipita karibu na nukta. Voltimita ya mfano huu husoma mia moja ya volti, na mistari hiyo huleta miteremko ya 0.68 na 0.62. Jibu basi huandikwa omu 0.65, zaidi au pungufu kwa 0.03. Kuandika omu 0.6514 kwa kuwa kikokotoo kimeonyesha hivyo ni kujivunia tarakimu ambazo hakuna aliyezipima.

Kwa seli za aina nyingine shaka hiyo hukua haraka. Seli mpya ya alkalini ya ukubwa uleule huwa na ukinzani wa ndani mdogo zaidi, sehemu ndogo tu ya omu. Ikiwa r ni 0.15, kushuka kwa volteji kutoka mkondo sifuri hadi ampea 0.6 ni volti 0.09 tu. Mita inayosoma mia moja ya volti itaona hatua tisa, na kosa la hatua moja ni zaidi ya asilimia kumi ya jibu zima. Hapo inatakiwa mita inayosoma milivolti. Betri ya gari imefika mbali zaidi. Ikisoma volti 12.6 imepumzika na 10.2 wakati stata inavuta ampea 200, ukinzani wake wa ndani ni volti 2.4 gawanya kwa 200, yaani omu 0.012. Taa za gari zinazofifia ufunguo unapozungushwa ni kushuka kwa mstari huuhuu. Ila reostati ya maabara isithubutu kuwekwa kwenye betri hiyo. Mkondo wake huyeyusha waya.

Upande wa pili yupo limau. Msumari wenye zinki na kipande cha shaba vikichomekwa kwenye ndimu au limau, voltimita ya kidijitali husoma karibu volti 0.9, na wanafunzi hutegemea kuwasha balbu ya tochi. Haiwaki, hata ndimu zikiwa tano mfululizo. Ukinzani wa ndani wa ndimu moja huenda hadi mamia ya omu au zaidi ya elfu, na balbu inayotaka ampea 0.2 itapata miliampea moja moja. Kwa seli kama hiyo jaribio hufanywa kwa ammita ya miliampea na rezista za maelfu ya omu, na voltimita ya sindano ya kizamani haifai, kwa sababu yenyewe huvuta mkondo wa kutosha kuishusha volteji inayotaka kuipima.

Kosa linalosumbua zaidi linatoka ndani ya seli yenyewe. Swichi ikiachwa imefungwa, mazao ya kemia hujikusanya kuzunguka kijiti cha kaboni haraka kuliko manganizi dayoksaidi inavyoweza kuyaondoa, na volteji hushuka polepole ingawa mkondo haukuongezwa. Kwenye grafu, nukta za mwanzo hunyooka na za mwisho huinama chini, mstari ukawa kama tawi lililobeba embe. Somo la kurudia la ampea 0.10 huthibitisha. Dawa si kupitisha rula katikati ya mkunjo na kujifanya haupo. Seli ipumzishwe robo saa, jaribio lirudiwe kwa mikondo midogo zaidi na swichi ifungwe kwa muda mfupi zaidi. Mkunjo ukibaki palepale, basi ukinzani wa ndani wa seli hiyo kweli hubadilika na mkondo, na mteremko utolewe katika sehemu iliyonyooka tu, na mikondo hiyo itajwe pamoja na jibu.

Sasa irudi ile seli iliyochoka. Ikipimwa kwa njia hiihii, kwa mikondo ya ampea 0.05 hadi 0.20, masomo yake yanaweza kuwa volti 1.22, 1.06, 0.90 na 0.74. Kila ampea 0.05 inayoongezwa hula volti 0.16, kwa hiyo mteremko ni omu 3.2, na mstari ukirudishwa nyuma hukata mhimili wima kwenye volti 1.38. Mistari miwili ikichorwa kwenye karatasi moja, tofauti huonekana kabla ya hesabu yoyote. Kwenye mhimili wima imeachana kidogo, volti 0.14. Kisha ule wa seli kuukuu huporomoka kama paa la makuti, na ule wa seli mpya hushuka taratibu kama mteremko wa barabara ya lami.

Balbu ikichukuliwa kuwa na omu 5, ingawa kwa kweli ukinzani wa balbu hupungua inapokuwa haijapata moto wa kutosha, seli mpya huipa mkondo wa 1.52 gawanya kwa 5.65, yaani ampea 0.27, na volteji ya ncha huwa 1.35. Seli kuukuu huipa 1.38 gawanya kwa 8.2, yaani ampea 0.17, na volteji hubaki 0.84. Nguvu inayofika kwenye balbu imeshuka kutoka wati 0.36 hadi 0.14. Nishati nyingine inaishia ndani ya kopo la zinki. Kani imepungua kwa chini ya sehemu moja ya kumi, mwanga umepungua kwa zaidi ya nusu, na karibu lawama yote ni ya r.

Hili linaeleza pia desturi inayojulikana sana vijijini, ya kuanika betri za redio juani asubuhi ili zisikike taarifa za habari za jioni. Desturi hiyo haina uchawi. Joto huwafanya ayoni watembee kwa urahisi zaidi katika uji wa seli, na mapumziko yenyewe huipa manganizi dayoksaidi nafasi ya kusafisha kijiti cha kaboni. Ukinzani wa ndani hupungua, mstari hulegea, na volteji ya ncha hupanda wakati redio inavuta mkondo. Kani yenyewe hubadilika kidogo sana, na ndiyo maana mita iliyowekwa kwenye betri iliyoanikwa, bila redio, huonyesha karibu namba ileile ya jana. Motoni zisiwekwe kabisa, kwani hupasuka. Na hata za juani, zikishapoa mstari hurudi kuwa mkali, na baada ya siku mbili tatu redio hunyamaza tena, kwa sababu jua halirudishi zinki iliyokwisha kuliwa.